Akidi ilikuwa nje ya ukumbi: meza ngapi za usajili zinatosha kumaliza foleni kabla ya saa 3?

Saa 3 kamili asubuhi, muda ule ule ulioandikwa kwenye barua ya mwaliko, ukumbini walikuwamo wanachama 284. Nje, kuanzia mlangoni hadi chini ya mwembe ulio karibu na geti, walisimama wengine zaidi ya mia tatu. Masharti ya chama chetu yanataka nusu ya wanachama wawepo ndipo mkutano mkuu ufunguliwe, na sisi tulikuwa 1,100, kwa hiyo akidi ni watu 550. Mwenyekiti alinishika mkono akanivuta pembeni. "Katibu, akidi tunayo au hatuna?" Nikamjibu kwamba tunayo, ila imesimama kwenye foleni.

Chama chenyewe ni Saccos ya wafanyakazi na wafanyabiashara wadogo, na mkutano ulifanyika Jumamosi moja ya Aprili kwenye ukumbi wa kukodi mjini Morogoro. Mlango wa usajili ulifunguliwa saa 1:30. Tulikuwa na meza nne, kila moja na karani wake. Mkutano uliotakiwa kuanza saa 3 ulifunguliwa saa 4:40, na ilipofika ajenda ya makisio ya mapato na matumizi, waliotoka mbali walikwisha kuanza kuangalia saa zao na kuulizana habari za mabasi.

Kwenye kikao cha tathmini, wiki iliyofuata, kauli ya kwanza iliyotolewa ilikuwa kwamba wanachama wetu wana tabia ya kuchelewa. Nilikuwa karibu kuikubali. Kisha mhasibu akaleta vitabu vya kuponi za chakula.

Walifika lini?

Pale getini kulikuwa na kijana aliyempa kila mwanachama kuponi ya chakula alipoingia. Kuponi zilikuwa kwenye vitabu vya hamsini hamsini, na mhasibu, kwa hofu yake ya siku zote ya upotevu, alikuwa amemwagiza kijana aandike kwenye jalada saa aliyofungua kila kitabu. Hakuna aliyefikiria foleni wakati huo. Lakini majalada yale yalikuwa yametupa kitu ambacho waandaaji wengi wa mikutano hawana: rekodi ya mwendo wa watu kufika, tofauti kabisa na mwendo wa watu kusajiliwa.

Ukitazama daftari la mahudhurio peke yake utaona watu wanaingia taratibu, kama hamsini kila robo saa, kuanzia saa 2 mpaka saa 4 na ushee. Hapo utasema kweli wamechelewa. Kumbe daftari la mahudhurio linaonyesha kasi ya meza, siyo kasi ya watu. Meza zikishazidiwa, daftari litasoma namba ile ile, wawe wamesimama ishirini nje au mia tatu. Vitabu vya kuponi vilisema jambo jingine: kati ya watu 640 waliohudhuria siku ile, 600 walikwisha kupita geti ilipofika saa 3. Waliochelewa kweli walikuwa 40 tu.

Niligawa muda huo kwa robo saa, nikapata mgawanyo ambao mtu yeyote aliyewahi kusimama mlangoni kwenye shughuli ya Jumamosi atautambua. Wachache wanatangulia, kisha kundi kubwa linaingia kwa mkupuo katika dakika arobaini na tano za mwisho. Mabasi madogo mawili tuliyokodi kwa ajili ya wanachama wa wilayani nayo yalifika humo humo.

Mtu mmoja anakaa mezani kwa muda gani?

Namba ya pili ilitoka kwangu mwenyewe, na niliipata kwa sababu sikuwa na kazi nyingine ya kufanya. Ilipofika saa 3:10 nilisimama nyuma ya meza ya pili, nikawasha saa ya simu, nikahesabu wanachama 40 mfululizo. Nilipima kuanzia mmoja anapoondoka mezani mpaka anayefuata anapoondoka. Njia hii ni muhimu kuliko inavyoonekana. Ukianza kupima mtu anapofungua mdomo na kumaliza anaposaini, unaacha zile sekunde za kusogea, kuweka mkoba chini na kumsubiri aliyemtangulia akusanye karatasi zake. Sekunde hizo hazimo kwenye akili ya karani, lakini zimo kwenye foleni. Sharti ni moja: foleni isikatike wakati unapima, vinginevyo utakuwa unapima uvivu wa mlango badala ya kasi ya meza.

Kabla ya hapo, kila mtu kwenye kamati alikuwa akisema usajili ni nusu dakika. Watu 40 walichukua dakika 46 na nusu, yaani sekunde 2,790. Wastani ni sekunde 70 kwa mtu.

Kinachovutia ni jinsi zilivyogawanyika. Watu 34 walipita kwa sekunde 45 hivi kila mmoja. Sita waliobaki walikaa kama dakika tatu na nusu kila mmoja: mmoja hakumbuki namba yake ya uanachama, mwingine jina la ndoa halimo daftarini, mwingine amekuja kumwakilisha mume wake mgonjwa na hana barua, wengine watatu wanadaiwa michango na hawakubali kwamba wanadaiwa. Hao sita, asilimia 15 ya watu, walikula sekunde 1,260, ambazo ni asilimia 45 ya muda wote wa meza. Ndiyo maana nusu dakika ya kamati ilikuwa mbali namna ile. Ukimuuliza karani mtu mmoja huchukua muda gani, atakumbuka mtu wa kawaida. Foleni yenyewe inabeba wote.

Na hata zile sekunde 45 za mtu wa kawaida nilizivunja vipande. Kusogea mezani, 6. Kutoa kitambulisho na kutaja namba, 7. Karani kutafuta jina kwenye kurasa, 12. Kusaini na kupokea kadi ya kupigia kura, 6. Kusaini karatasi nyingine na kupokea nauli ya shilingi 10,000 taslimu, 14. Karibu theluthi moja ya usajili haikuwa usajili, ilikuwa malipo.

Hesabu ya mhasibu na kosa lake

Kwa maandalizi ya mwaka uliofuata, mhasibu alipiga hesabu ambayo wengi tungeipiga. Watu 600 mara sekunde 70 ni sekunde 42,000 za kazi. Kuanzia saa 1:30 mpaka saa 3 ni dakika 90, yaani sekunde 5,400. Gawanya, unapata 7.8. Basi tuweke meza nane na mambo yamekwisha.

Hesabu hiyo ina ukweli nusu. Meza nane zinaweza kumaliza watu 600 kwa dakika 90 iwapo watu hao watakubali kufika kwa zamu, kila dakika watu saba, kuanzia mlango unapofunguliwa. Nilichukua mgawanyo wa vitabu vya kuponi nikapitisha meza nane juu yake, robo saa kwa robo saa. Kanuni ni ya dukani tu: foleni iliyobaki, ongeza waliofika, toa waliohudumiwa. Meza moja yenye sekunde 70 kwa mtu inahudumia watu 12 na kitu kwa robo saa, kwa hiyo meza nne ni watu 51, meza nane ni 102, meza kumi na mbili ni 154. Foleni inayobaki mwisho wa kila robo saa ni hii:

| Muda | Waliofika | Meza 4 | Meza 8 | Meza 12 |
|---|---|---|---|---|
| 1:30–1:45 | 30 | 0 | 0 | 0 |
| 1:45–2:00 | 50 | 0 | 0 | 0 |
| 2:00–2:15 | 80 | 29 | 0 | 0 |
| 2:15–2:30 | 150 | 128 | 48 | 0 |
| 2:30–2:45 | 190 | 267 | 136 | 36 |
| 2:45–3:00 | 100 | 316 | 134 | 0 |

Safu ya meza nne ndiyo mwaka wetu wa aibu: 316 nje, 284 ndani. Safu ya meza nane ndiyo iliyomnyamazisha mhasibu. Watu 134 bado wangekuwa wamesimama saa 3, na ingechukua kama dakika ishirini kuwamaliza. Walipotea wapi? Katika dakika 45 za kwanza meza nane zingeweza kuhudumia watu 306, lakini waliofika walikuwa 160. Nafasi 146 zilipita makarani wakiwa wanaangalia simu zao. Nafasi hizo haziwekwi akiba. Karani aliyekaa bure saa 1:50 hawezi kumhudumia mtu wa saa 2:50.

Kwa hiyo namba ya meza haiamuliwi na muda wote wa usajili, inaamuliwa na kipande kibaya zaidi kinachoishia kwenye saa ya kuanza. Namna ya kukitafuta ni kuanza saa 3 na kurudi nyuma. Robo saa ya mwisho peke yake walifika 100. Mbili za mwisho, 290, wastani 145. Tatu za mwisho, 440, wastani 147 kwa robo saa. Nne za mwisho, 520, wastani unashuka hadi 130. Kubwa kuliko zote ni 147, na hiyo ndiyo kasi ambayo meza zote kwa pamoja lazima ziifikie. Watu 147 mara sekunde 70, gawa kwa sekunde 900 za robo saa, unapata 11.4. Meza kumi na mbili.

Anayetaka kucheza na namba zake kwenye Excel anahitaji safu tano: muda, waliofika, meza, sekunde kwa mtu, foleni. Mstari wa 2 ni kabla mlango haujafunguliwa, foleni 0. Kuanzia mstari wa 3, foleni ni:

```
=MAX(0, E2+B3-ROUNDDOWN(C3*900/D3, 0))
```

Kuna mtu kwenye kamati, mwalimu wa hisabati mstaafu, aliyeuliza kwa nini tusitumie kanuni za Erlang, yule Mdenishi aliyeanza kuandika juu ya foleni za simu za Copenhagen mwaka 1909. Swali zuri. Kanuni zake za kawaida zinadhani watu wanafika kwa kasi isiyobadilika kwa muda mrefu, kama simu zinavyoingia mchana kutwa. Hapa hakuna kasi isiyobadilika. Kuna mlima mmoja, na saa ya kuanza iko kwenye mteremko wake. Kwa hali hiyo kujumlisha na kutoa kwa robo saa kunatosha, na kuna faida ya ziada: mwenyekiti anaweza kulifuata jedwali kwa kidole.

Jedwali nalo lina kasoro yake, na nilikuwa na ushahidi wake. Kwa meza nne, lilisema akidi ya 550 ingetimia saa 4:18. Sisi tulifungua saa 4:40. Dakika 22 zilikwenda wapi? Zilikwenda kwenye herufi M.

Foleni nne badala ya moja

Mwaka ule tuligawa meza kwa herufi za majina ya ukoo: A hadi J, K na L, M peke yake, N hadi Z. Tulidhani kuipa M meza yake nzima ni busara. Asiyejua wingi wa majina ya M Tanzania afungue daftari lolote la shule. Ilipofika saa 4 hivi, meza ya N hadi Z ilikuwa imekwisha kazi na karani anapanga kalamu, huku foleni ya M inaishia kwenye mwembe. Jedwali linadhani kwamba karani yeyote aliye huru anamchukua mtu yeyote aliye mbele. Ukigawa foleni kwa herufi, dhana hiyo inavunjika, na kila karani anayekaa bure wakati watu wamesimama ni meza iliyopotea.

Dawa ni foleni moja inayolisha meza zote, kama ya benki. Inahitaji kila meza iwe na nakala nzima ya orodha, kurasa 28 kwa wanachama 1,100. Wajumbe wawili walipinga, wakisema mtu anaweza kujisajili meza mbili na kupata kadi mbili za kura. Hofu hiyo ni ya kweli kwenye mkutano wenye uchaguzi, siyo ya kupuuza. Tuliitatua kwa kadi zenye namba: kila meza ilipewa kadi 150 za namba zinazofuatana, karani anaandika namba ya kadi mbele ya jina, na kabla ya kura yoyote karani wa akiba anaziweka orodha zote pamoja. Jina likitokea mara mbili linaonekana, na kadi zake zinajulikana kwa namba.

Meza kumi na mbili hatukuwa nazo

Watu wa kufanya kazi tuliowapata walikuwa kumi, na ukumbi una mlango mmoja. Ikabidi tushughulikie zile sekunde 70 badala ya kuongeza meza.

Nauli tuliiondoa mezani, ikatumwa kwa simu jioni. Hapo mtu wa kawaida akashuka kutoka 45 hadi 31. Kwenye mazoezi, tukijifanya wanachama, tulipata 33. Mimi nikaandika 35, kwa sababu kwenye mazoezi hakuna mtu anayetafuta miwani.

Wenye matatizo walikuwa suala gumu zaidi, na hapa karibu tujidanganye. Wazo la kwanza lilikuwa kuwaondoa kwenye meza za kawaida na kuwapeleka meza zao. Ni wazo zuri, linamkinga mtu wa kawaida asisimame nyuma ya mgogoro wa michango. Lakini piga hesabu yake. Asilimia 15 ya watu 440 wa dakika 45 za mwisho ni 66, yaani 22 kwa robo saa. Kila mmoja sekunde 195, hata baada ya kuondoa nauli. Zidisha, gawa kwa 900, unapata 4.8. Tungehitaji meza tano za matatizo peke yake, karibu sawa na za kawaida. Kuhamisha tatizo kutoka meza moja hadi nyingine hakulipunguzi hata sekunde moja.

Kilichopunguza ni kazi ya wiki mbili kabla. Kila mwanachama alitumiwa ujumbe wa simu wenye jina lake kama lilivyo daftarini na namba yake ya uanachama, ukimtaka atoe taarifa kama jina limekosewa. Waliokuwa na madeni ya michango walipigiwa simu, wakaambiwa mwisho wa kulipa au kupinga ni Ijumaa saa 10 jioni, ofisini, siyo Jumamosi mlangoni. Fomu ya uwakilishi ilitumwa mapema ikiwa na sehemu ya saini ya viongozi wa tawi. Tulikadiria matatizo yangeshuka hadi asilimia 5.

Kwa kadirio hilo, meza za kawaida zilitakiwa kuhudumia watu 139 kwa robo saa katika kile kipande kibaya: 139 mara 35, gawa kwa 900, ni 5.4. Meza sita zingetosha. Za matatizo, watu 7 na kitu kwa robo saa mara sekunde 195, ni 1.6, kwa hiyo mbili. Jumla nane, kutoka kumi na mbili, na hakuna aliyeongezwa mshahara.

Tukaweka saba za kawaida. Ile ya saba niliitetea kwa hoja ya mvua. Ilikuwa Aprili, masika, na masika ikinyesha asubuhi watu wa saa 2:20 wanafika saa 2:50. Nilisogeza watu hivyo kwenye jedwali: 90, 170 na 180 kwa robo saa tatu za mwisho badala ya 150, 190 na 100. Kwa meza sita, watu 24 wanabaki nje saa 3. Kwa saba, hakuna. Isiponyesha, basi meza ya saba inaziba nafasi ya karani anayekwenda msalani, na kuna karani wa kwenda msalani kila siku. Mtu wa kumi akawa mpokeaji, anayesimama kichwani mwa foleni, anauliza "kitambulisho unacho, namba unaikumbuka?", na kuwaelekeza wenye matatizo kabla hawajafika mezani.

Siku yenyewe

Haikunyesha. Mpaka saa 2:15 makarani walikaa wakipiga soga, na mwenyekiti alipita mara mbili akiuliza kama kweli meza zote hizi zilihitajika. Hiyo ni hali ya kawaida. Usajili uliopangwa vizuri unaonekana kama ubadhirifu kwa dakika arobaini na tano za mwanzo.

Saa 2:30 nilipita nyuma ya meza nikaandika namba ya kadi ya juu kwenye kila bunda. Saa 2:40 nikapita tena. Hii ndiyo faida ambayo sikuitarajia ya kadi zenye namba: zinafanya kazi kama mita ya maji. Unatoa namba ya kwanza kwenye ya pili, na unajua meza imehudumia wangapi bila kumsumbua karani. Meza ya tatu ilitoka 342 hadi 358, watu 16 kwa dakika kumi. Meza zote saba kwa pamoja, 105. Dakika kumi za meza saba ni sekunde 4,200, gawa kwa 105, unapata 40. Siyo 35 niliyoandika.

Nilirudi kwenye jedwali nikabadilisha sekunde: kwa 40, meza saba zinahudumia 157 kwa robo saa, foleni ingefika kama watu 23 saa 2:45 na kuisha kabla ya saa 3. Bado tulikuwa salama, ila akiba yote ya meza ya saba ilikuwa imekwisha kuliwa. Nikatafuta nani ameila.

Meza ya tano ilikuwa imetoa kadi 10 tu. Pale alikaa karani wetu mkongwe, mama aliyeajiriwa tangu chama kina wanachama mia mbili, asiyehitaji orodha kumjua mtu. Tatizo lilikuwa hilo hilo. Alikuwa amemwamkia mzee mmoja wa Mvomero, akauliza hali ya nyumbani, ya wajukuu, ya shamba la mpunga, na mzee anajibu moja baada ya jingine huku kadi iko mkononi mwake tayari. Huwezi kumwambia mtu wa umri ule asisalimiwe, na huwezi kumwambia mama yule asisalimu. Nikamfuata nikamwinamia. "Mama, shikamoo. Naomba ukae kule mbele kwenye foleni, watu wanakuulizia." Akasimama mara moja, akamwachia kiti kijana aliyekuwa mpokeaji.

Kichwani mwa foleni mama alisalimu kila mtu kwa kadiri alivyotaka, na haikugharimu chochote, kwa sababu mtu aliye kwenye foleni anasubiri hata hivyo. Tena aliwanasa wenye matatizo kwa kuwatazama usoni tu: "Wewe mwanangu si ulihamia jina la mume? Pita meza ile." Dakika kumi zilizofuata meza ya tano ilitoa kadi 17.

Basi dogo la pili liliwasili katikati ya hayo, na foleni ikaruka hadi watu 42. Kwa jedwali la robo saa mruko kama huo hauonekani, umefichwa ndani ya wastani. Mzee mmoja aliyekuwa wa mwisho aliniuliza, "Mwanangu, hapa tutamaliza leo?" Nikamjibu dakika nne. Hesabu yake ni watu walio mbele mara sekunde kwa mtu, gawa kwa meza: 42 mara 40, gawa kwa 7, sekunde 240. Alinitazama kama mtu anayedanganywa, lakini sikumwona tena pale nje.

Saa 2:53 jumla ya kadi na orodha za meza za matatizo ilipita 550. Foleni ya kawaida ilikwisha saa 2:56. Kwenye meza za matatizo walibaki watu sita, kwa sababu waliokwenda huko siku ile walikuwa 37 badala ya 30 tuliowakadiria, na wanne kati ya hao sita walikuwa bado wanabishana juu ya mchango wa Novemba. Hao hawakuhesabiwa kwenye akidi na hawakumzuia mtu. Mkutano ulifunguliwa saa 3:04.

Saa 7:30 mchana mwenyekiti alitangaza nusu saa ya chakula. Mpishi alikuwa ameweka meza mbili za kupakulia, kila moja na pande mbili. Watu 640, sekunde 25 kwa sahani, njia nne: dakika 67. Hesabu hiyo niliipiga nikiwa wa 180 kwenye foleni, sahani tupu mkononi, nikisubiri dakika zangu 19.